Mkono wa Roboti Unavyojifunza kwa Kuiga

Kujifunza kwa kuiga ni njia ya kuufundisha mkono wa roboti kazi kwa kuuonyesha inavyofanywa, badala ya kuuandikia kila hatua katika programu. Mtu huuendesha mkono huo huku kila mwendo ukirekodiwa. Baadaye kompyuta hutafuta uhusiano kati ya kilichoonekana na kilichofanywa, na kutokana na uhusiano huo huunda modeli ya kuuongoza mkono bila mtu.

Mfano mzuri ni ALOHA, mtambo uliotangazwa mwaka 2023 na kundi la watafiti lililoongozwa na Tony Zhao wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Una mikono miwili midogo inayoongoza na miwili mikubwa inayofuata. Mwendeshaji hushika ile ya kuongoza, na kila anapokunja kiungo, kiungo kama hicho cha mkono unaofuata hujikunja vivyo hivyo. Kamera nne hutazama kazi: moja kutoka juu, moja kutoka mbele, na mbili zimefungwa kwenye vifundo vya mikono inayofuata.

Moja ya kazi zilizofundishwa ni kutia betri kwenye rimoti. Mkono wa kulia huokota betri na kuiweka kwenye nafasi yake. Wa kushoto huizuia rimoti isiteleze, kisha betri husukumwa hadi springi ikubali kubonyea.

Mara 50 kila sekunde, kompyuta huhifadhi picha za kamera zote, pembe za viungo vya mikono inayofuata na pembe za ile inayoongoza. Picha na pembe za mikono inayofuata ndizo hali ambayo modeli itaisoma. Pembe za mikono inayoongoza ndizo jibu inalopaswa kulitoa. Mgawanyo huo una sababu. Betri inapogota kwenye springi, mkono unaofuata husimama, lakini wa kuongoza huendelea kidogo mbele. Mota husukuma kwa nguvu inayolingana na pengo hilo. Kama jibu lingechukuliwa kutoka mkono unaofuata peke yake, nguvu hiyo ingepotea, na roboti ingeigusa betri bila kuisukuma.

Kazi hii ilifundishwa kwa maonyesho 50, kila moja la sekunde chache, jumla ya takriban dakika 10 za rekodi. Kwa kuwa maonyesho ni machache, ubora wake una uzito mkubwa. Mwendeshaji akiokota betri leo kwa namna moja na kesho kwa nyingine, modeli inaweza kuchukua njia ya katikati isiyofaa popote. Akisitasita, roboti nayo hujifunza kusita. Akitegemea kitu anachokiona yeye lakini kamera hazikioni, modeli haina pa kukipata.

Tatizo kuu la kuiga ni makosa yanayorundikana. Mkono ukikosea milimita chache, hujikuta mahali ambapo mwendeshaji hakuwahi kufika. Hapo modeli haina mfano, hivyo hukosea zaidi. Dawa moja, iliyoelezwa mwaka 2011 kwa jina DAgger, ni kuiacha modeli iendeshe, kisha mtaalamu aonyeshe kilichostahili kufanywa katika hali ilizofikia. Watafiti wa ALOHA walichagua njia nyingine, ACT: modeli hupanga hatua 100 kwa pamoja, yaani mwendo wa sekunde mbili, badala ya kuamua hatua moja moja. Maamuzi yakipungua, nafasi za kosa kuzaa kosa hupungua pia.

Modeli ikishafunzwa, haitoshi kutazama namna inavyokaribia majibu ya rekodi, kwa sababu kipimo hicho hakionyeshi makosa yanavyokua mkono unapojiendesha. Lazima ijaribiwe kwenye roboti yenyewe. Vifaa huwekwa mahali panapobadilika ndani ya mipaka iliyopangwa mapema, na kila jaribio huhesabiwa, hata lililoharibika. Hatua nazo hupimwa kando: kuokota, kuweka, kusukuma. Hapo hujulikana kazi inakwamia wapi, na maonyesho ya ziada hurekodiwa kwa hatua hiyo.

Katika kutia betri, ACT ilifaulu kwa asilimia 96, yaani mara 24 katika majaribio 25. Kwa idadi hiyo ndogo, uwezo halisi unaweza kuwa popote kati ya takriban asilimia 80 na 99. Kwa hiyo modeli mbili zilizopishana kwa majaribio mawili au matatu haziwezi kutajwa kuwa moja imeishinda nyingine. Matokeo hayo pia ni ya meza ile, mwanga ule na rimoti ile. Kimoja kikibadilika, majaribio huanza upya.