Betri Moja Dhaifu Kati ya Nne

Mfumo wa sola wa volti 48 mara nyingi huwa na betri nne za volti 12 zilizounganishwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine. Chaja huona jumla tu. Ikifika volti 57.6, huamini kila betri imepata 14.4. Lakini pima moja moja: huenda tatu zina 14.8 na ya nne 13.2. Jumla ni ileile, ila tatu zinachemka na kupoteza maji, na ya nne haijai kamwe.

Usiku dhaifu huisha kwanza. Inveta haijui, huendelea kuvuta umeme hadi betri hiyo ishuke chini ya volti 10, na hapo huharibika zaidi.

Kwa hiyo pima kila betri kwa mita wakati taa zinawaka, na tena chaji inapokaribia kujaa. Tofauti ikiwa kubwa, zitenganishe, chaji kila moja peke yake kwa chaja ya volti 12, kisha funga kisawazishi. Ikiwa ileile inashuka tena, imekufa. Usichanganye mpya na tatu zilizochakaa. Ukiweza, badilisha zote nne pamoja.