Feni na Uwazi wa Hewa Katika Banda la Kuku Vipimwe Pamoja

Kuku wa nyama aliyekaribia kuuzwa ndiye anayeathirika zaidi na joto, kwa kuwa mwili wake mkubwa huzalisha joto jingi na hauna tezi za jasho. Hivyo, mfugaji wa Kagerankanda, mkoani Kigoma, anayetaka kufunga feni ya kutoa hewa bandani anapaswa kuzingatia uzito wa kuku, si idadi pekee.

Wakati wa joto, kila kilo ya kuku huhitaji takribani mita za ujazo 5 za hewa kwa saa. Kuku 500 wenye kilo 2 kila mmoja wana jumla ya kilo 1,000, hivyo feni iwe na uwezo wa kutoa mita za ujazo 5,000 kwa saa, sawa na 1.4 kwa sekunde. Ili hewa iingie kwa kasi ya mita 2 kwa sekunde, uwazi wa kuingizia uwe mita za mraba 0.7, yaani upana wa mita 1 na kimo cha sentimita 70.

Feni hufungwa mwisho mmoja wa banda na uwazi huwekwa mwisho wa pili, huku pande nyingine zikizibwa kwa mapazia ya turubai. Tundu likiachwa karibu na feni, hewa huingia na kutolewa papo hapo, na kuku walio mbali hubaki wakihema midomo wazi. Umeme ukikatika, mapazia yote yafunguliwe mara moja, kwani kuku waliofungiwa bila hewa hufa kwa muda mfupi.