Raba ya Waipa Huzeeka Ikiwa Imelala

Dodoma mvua hukatika kati ya Aprili na Mei, na hairejei kwa maana hadi Novemba au Desemba. Miezi yote hiyo waipa za gari hazina kazi, na wenye magari wengi huamini kwamba kisichotumika hakichakai. Kumbe raba ya waipa huzeeka hata ikiwa imelala. Mvua ya kwanza ikipiga, kioo kinajaa michirizi na lawama anatupiwa muuza spea.

Tazama raba hiyo kwa karibu. Kinachogusa kioo ni ukingo wa ncha tu, mwembamba kuliko milimita moja, na ncha yenyewe imeshikwa na shingo laini inayoiruhusu kupinduka. Waipa ikienda kulia, ncha hulalia kushoto. Ikirudi, ncha nayo hugeuka. Wakati wote ukingo unakokotwa, hausukumwi. Ukifanya hivyo vizuri, huacha utando wa maji mwembamba mno, unaokauka kabla jicho halijauona.

Sasa liegeshe gari juani tangu asubuhi hadi saa kumi. Kioo kinaweza kupita nyuzi joto 60, na springi ya mkono wa waipa inaibana ncha upande uleule siku nzima. Kidogo kidogo raba hushika mkao huo. Siku ya mvua haipinduki tena: upande mmoja inafuta vizuri, upande wa pili inasukumwa, inaruka-ruka na kulia.

Mpira wa asili, unaotokana na utomvu wa mti, una udhaifu mwingine. Molekuli zake ni minyororo mirefu yenye vifungo ambavyo gesi ya ozoni, iliyomo hewani kwa kiasi kidogo, huvikata. Raba iliyopindwa au kuvutwa ndiyo huumia zaidi, na hapo ndipo nyufa ndogo huanza. Watengenezaji hujitahidi kuilinda: huchanganya dawa za kupunguza makali ya ozoni, huigandisha ngozi ya juu kwa klorini, na wengine huipaka unga wa grafiti ili iteleze. Lakini ngozi hiyo ikishalika, kilicho chini yake hushika kioo na kukwaruza.

Silikoni haina vifungo hivyo dhaifu. Uti wa molekuli zake umejengwa kwa elementi mbili zilezile zinazojenga mchanga, kwa hiyo ozoni na jua haviiwezi kirahisi, na joto la kioo kwake ni dogo. Raba nyingi za aina hii pia huacha utando unaofanya maji yajikusanye matone na kukimbia. Wauzaji huishia hapo.

Wasichotaja ni vumbi. Silikoni ya kawaida huchanika kirahisi kuliko mpira wa asili, na vumbi letu lina chembe za kwatzi, ambazo ni ngumu kuliko kioo chenyewe. Ukiwasha waipa kwenye kioo kikavu chenye vumbi, chembe hizo huukata ukingo, na nyingine hukwama humo zikichora kioo kila waipa inapopita. Kasoro hiyo haitibiki kwa kubadili aina ya raba. Isitoshe, silikoni ikifungwa juu ya kioo chenye mafuta ya moshi wa barabarani, utando wake hushikana na uchafu huo, na usiku taa za magari yanayokuja zinageuka ukungu.

Kwa hiyo kabla ya kununua, soma michirizi. Mstari mmoja mwembamba unaobaki palepale, waipa ikienda na ikirudi, ni chembe iliyokwama au ukingo uliochanika: futa raba kwa kitambaa chenye maji na sabuni, na mstari ukibaki, raba imekwisha. Waipa ikifuta vizuri kwenda lakini ikiharibu kurudi, ncha imeshika mkao, au mkono umepinda kidogo na fundi anaweza kuunyoosha. Ukungu unaotanda kioo kizima mara nyingi hautoki kwenye raba hata kidogo. Ni mafuta, na kioo ndicho cha kuoshwa.

Gari linaloshinda juani mjini, kwenye lami, silikoni italifaa na bei yake ya juu itajilipa. Kwa anayepita barabara za vumbi kila siku, mimi ningenunua mpira wa asili wa bei ya wastani na kuubadili kila mwaka, Novemba, kabla ya mvua. Na raba yoyote utakayofunga, mwagia kioo maji kwanza ndipo uwashe waipa.