Picha 14 za eksi nyekundu, kosa ni moja tu

Jumapili usiku shangazi alinitumia picha 14 kwenye WhatsApp. Zote ni karatasi za hesabu za binti yake wa Gredi ya 6, na zimejaa eksi nyekundu. Chini aliandika: "Si wewe ulikuwa mtu wa hesabu kabla uache chuo? Saidia huyu." Sawa, shangazi.

Kama nawe umeangushiwa mzigo kama huu, usikimbilie kumpa mtoto maswali mengine 50. Keti na picha kwanza. Achana na eksi, soma kile alichoandika yeye. Mimi nilinakili majibu yake yote mabaya kwenye karatasi moja, na haya ni baadhi:

1/2 + 1/3 = 2/5
1/4 + 1/3 = 2/7
3/7 + 2/7 = 5/14

Umeona? Anajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Kwingine aliulizwa ipi kubwa kati ya 1/6 na 1/8, akachagua 1/8 kwa kuwa 8 inashinda 6. Halafu cheki maswali ya kuzidisha: 2/3 × 4/5 = 8/15, tiki. Karibu yote ni tiki! Hiyo ndiyo iliyonifungua macho, maana kwenye kuzidisha, juu kwa juu na chini kwa chini ndiyo njia yenyewe. Huyu si mvivu, na jedwali analijua. Shida ni kwamba anaona akisami kama nambari mbili zilizokaliana, kila moja na mambo yake. Masahihisho nayo alikuwa ananakili tu jibu la mwalimu kisha anaendelea na maisha.

Basi tukapanga wiki mbili, dakika 20 kila jioni, na siku tatu za kwanza hakuna kukokotoa chochote. Tulianza na maneno ya darasa la Kiswahili: nusu, thuluthi, robo, sudusi, subui, thumuni. Nambari ya chini ni jina la kipande, ya juu ni idadi ya vipande. Subui tatu na subui mbili ni nini? Akacheka: "Subui tano." Ile 14 ilitoka wapi? Kimya.

Pia kabla ya kila swali alipaswa kuniambia kama jibu litazidi nusu au la. Hili usiliruke, kwa sababu ndilo linalomfanya ajishike mwenyewe akikosea.

Kuanzia siku ya nne tulikata vipande vya karatasi vyenye urefu wa sentimita 12. Kipande kizima ni moja. Nusu yake ni sentimita 6, thuluthi ni 4, robo ni 3. Ziunganishe nusu na thuluthi, upime kwa rula: sentimita 10, yaani 10/12, ambayo ni 5/6. Sasa lile jibu lake la 2/5 lingekuwa sentimita 4.8. Ati umeanza na 6, ukaongeza, ukabaki na 4.8? Aliliangalia jibu lake kama mtu aliyeibiwa chenji.

Hapo ndipo "asili moja" ilipata maana. Nusu na thuluthi hazina jina moja, kwa hivyo tunazikata zote ziwe vipande vya sudusi: 3/6 + 2/6 = 5/6. Akishaweza kufanya hivyo bila karatasi mara tatu nne, weka rula kando.

Wiki ya pili ina mtego wake. Mtoto akishapenda asili moja, ataitafuta hata kwenye kuzidisha, na zile tiki za zamani zitaanza kuwa eksi. Wa kwetu alifanya hivyo Jumanne. Kwa hivyo changanya: swali la kujumlisha, la kuzidisha, la kulinganisha, tena bila mpangilio. Ukimpa kumi za aina moja, anafuata mkondo tu, na hutajua kama ameelewa.

Siku ya mwisho nilirudi kwenye zile picha 14, nikamwandikia upya maswali aliyokosa, bila majibu. Kumbuka kuuliza "umejuaje?" hata akipata. Akijibu tu kwamba "mwalimu alisema", huyo bado.

Mengi alipata. Alikwama kwenye 1/5 + 1/4, kwa sababu sentimita 12 haigawanyiki kwa 5 vizuri. Kosa langu hilo, bana. Tukakata kipande kingine cha sentimita 20: khumusi ikawa 4, robo ikawa 5. Akaandika 9/20 kabla hata sijachukua rula.