Mikrolita Moja Isiyoaminika

Mwezi Mei 2014 makumi ya watu walifariki nchini Kenya, katika kaunti za Embu, Kiambu, Kitui na Makueni, baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Wengine walipona lakini wakabaki vipofu. Methanoli haitofautiani na pombe ya kawaida kwa rangi, na mnywaji hawezi kuitegemea pua wala ulimi wake kuitambua. Mwili ndio huigeuza kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo hushambulia mishipa ya macho. Kinachoweza kusema kwa uhakika chupa ina kiasi gani cha sumu hiyo ni mashine ya kromatografia ya gesi.

Jinsi inavyofanya kazi si vigumu kuelewa. Mkemia huvuta kiasi kidogo cha pombe kwa sirinji, huitoboa sindano kwenye kizibo cha mpira, kisha husukuma kimiminika ndani ya chumba chenye joto la nyuzi 200 hivi. Humo hugeuka mvuke mara moja. Gesi inayopita huusukuma mvuke huo ndani ya mrija mwembamba mrefu, na kila kemikali husafiri kwa mwendo wake. Katika mrija unaotumika sana kwa vileo, methanoli hutangulia na ethanoli, yaani pombe yenyewe, hufuata. Mwishoni kuna mwali mdogo wa moto unaounguza kila kinachofika, na kompyuta huchora kilele kwa kila kemikali. Ukubwa wa eneo lililo chini ya kilele ndio unaosema kemikali iliyopita ilikuwa nyingi kiasi gani.

Shida inaanzia kwenye sirinji. Kinachodungwa kwa kawaida ni mikrolita 1, yaani kama sehemu moja ya hamsini ya tone la maji. Sindano peke yake, ule mrija wa chuma, inaweza kubeba nusu mikrolita hadi mikrolita nzima ambayo haionekani kwenye mistari ya sirinji. Ikiingia kwenye chumba cha moto, kimiminika kilichomo ndani yake huchemka na kutoka pamoja na kile ulichokipima. Kinachotoka hutegemea umeikawiza sindano humo kwa muda gani. Kiputo kidogo cha hewa hupunguza kipimo. Kizibo cha mpira kilichotobolewa mara nyingi huvujisha mvuke. Hata mkono wenye uzoefu hauwezi kudunga kiasi kilekile kila mara, na eneo la kilele hupanda na kushuka pamoja na kiasi hicho.

Kwa hiyo wakemia waliacha kuitegemea sirinji. Kabla ya kudunga, huongeza kwenye sampuli kemikali nyingine, kwa kiasi kinachojulikana, kisha hupima uwiano wa vilele viwili badala ya kilele kimoja. Kemikali hiyo ndiyo kilinganishi cha ndani. Ukichota kande kwa upawa, iwe umejaza au umechota nusu, uwiano wa maharage na mahindi hubaki uleule ikiwa sufuria imekorogwa vizuri. Sindano ikidunga pungufu, methanoli hupungua na kilinganishi hupungua vilevile.

Tuchukue mfano kwa tarakimu nilizozichagua ili hesabu iwe nyepesi. Mkemia anatengeneza mchanganyiko wa kulinganishia wenye methanoli miligramu 500 kwa lita. Anachukua mililita 9 za mchanganyiko huo na kuongeza mililita 1 ya kilinganishi. Anafanya hivyohivyo kwa pombe inayoshukiwa: mililita 9 za pombe, mililita 1 ya kilinganishi kutoka chupa ileile. Mchanganyiko unatoa kilele cha methanoli chenye eneo 25,600 na cha kilinganishi chenye eneo 80,000. Uwiano ni 0.320.

Sasa anadunga pombe mara tatu. Mara ya kwanza methanoli inatoa 51,200 na kilinganishi 80,000. Mara ya pili, 43,400 na 68,000. Mara ya tatu, 55,500 na 86,500. Angeangalia methanoli peke yake na kuilinganisha na 25,600, angepata miligramu 1,000, kisha 848, kisha 1,084 kwa lita. Tuseme mpaka unaoruhusiwa ni 900: chupa hiyohiyo ingepita kwenye mdungo wa pili na kukataliwa kwenye mingine miwili. Lakini uwiano wa vilele ni 0.640, 0.638 na 0.642. Ukigawa wastani wake, 0.640, kwa 0.320 na kuzidisha kwa 500, unapata miligramu 1,000 kwa lita. Tofauti kubwa ya midungo imetoweka, na chupa imekataliwa kwa haki.

Kuchagua kilinganishi ndiko kunakohitaji akili zaidi. Lazima kisiwemo kabisa ndani ya sampuli, kilele chake kisimame peke yake, na tabia zake zisiwe mbali na za kinachopimwa. Propanoli ya kawaida hutumika sana kupimia pombe kwenye damu, lakini kwa vileo haifai, maana uchachushaji wenyewe huizalisha. Kilinganishi kilichomo tayari ndani ya chupa hukuza kilele chake, na methanoli huonekana ndogo kuliko ilivyo, kosa la hatari kuliko yote hapa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2870/2000 ya upimaji wa vinywaji vikali inataja 3-pentanoli miongoni mwa vilinganishi vinavyofaa. Nayo ina dosari yake: huchemka kwenye nyuzi 115 hivi ilhali methanoli huchemka kwenye 65. Sindano ikikaa vibaya, chepesi huweza kutoka kuliko kizito, na uwiano wenyewe huyumba. Uwiano ukiyumba kati ya mdungo na mdungo, usiulaumu ujazo. Chunguza sindano, joto na kizibo.

Kuna kosa jingine ambalo kilinganishi hakiwezi kuliona, kwa sababu kinalibeba chenyewe. Pipeti ikitoa mililita 1.1 badala ya 1 kwenye sampuli, methanoli itasomeka pungufu kwa karibu asilimia 9. Utadunga mara kumi na uwiano utakuwa uleule mara kumi, safi na wa uongo. Ndiyo maana maabara makini hupima kilinganishi kwa mizani badala ya kutegemea pipeti tu, huandaa kila sampuli mara mbili tangu mwanzo, na hudunga pia sampuli isiyotiwa kilinganishi ili kuona kama mahali pake pana kilele chochote.

Penye mashine ya kudunga yenyewe, ambayo hurudia ujazo kwa tofauti isiyofika asilimia moja, faida hii hupungua sana, na wakati mwingine hatua ya kuongeza kilinganishi huleta kosa kubwa kuliko lile inalolisahihisha. Kwa maabara inayodunga kwa mkono, sioni namna ya kuiacha.

Ukikabidhiwa ripoti ya maabara ya namna hii, iwe wewe ni mwendesha mashtaka, mwandishi wa habari au mwenye kiwanda, usiridhike na tarakimu ya mwisho. Omba uonyeshwe eneo la kilele cha kilinganishi kwa kila mdungo. Likiporomoka ghafla hadi nusu na hakuna aliyeeleza kwa nini, sampuli hiyo ipimwe upya.