Umelipa, lakini taa imezimika?

Sola ya nyumbani ina vitu viwili tofauti: siku ulizolipia na chaji iliyo kwenye betri. Ukilipa kwa simu unafungua betri itumike. Chaji yenyewe inatoka kwa jua.

Tuseme umelipia siku 7 Jumatatu, halafu Jumatano saa mbili usiku taa inazimika. Usitume pesa tena. Siku bado zipo, ni betri haikujaa.

Huku Kericho na Bomet mvua hupenda kunyesha alasiri, kwa hivyo jua la asubuhi ndilo la kutegemea. Kama mti unatia paneli kivuli hadi saa tano, ihamishe juu ya paa, mahali peupe. Ilaze kimteremko kidogo ili mvua ioshe vumbi.