Watazamaji Tisa Hawatoshi

Tuseme takwimu za video yako ya pilau kwenye YouTube zinaonyesha kuwa wanawake wa miaka 25–34 hutazama wastani wa asilimia 48 ya video, na wanaume wa miaka 55–64 asilimia 30. Kabla hujaibadilisha kwa ajili ya wazee hao, uliza wako wangapi. Wanawake wakiwa 400, mmoja akitazama hadi mwisho badala ya kuondoka mwanzoni husogeza wastani kwa robo ya pointi tu. Wanaume wakiwa 9, mmoja huusogeza kwa pointi 11. Wawili wangetosha kuziba pengo lote. Tena, umri na jinsia hujulikana kwa walioingia kwa akaunti tu. Mimi ningejumlisha video kumi, nione kama pengo linajirudia.